Andalio la Ukurasa Mmoja

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu niliandika maandalio ya somo marefu kuliko barua zote nilizowahi kumwandikia mtu. Kipindi kimoja cha Hisabati cha darasa la nne, dakika arobaini tu, nilikijazia kurasa nne, mbele na nyuma, kwa mwandiko mdogo uliobanana. Kama hujawahi kufundisha, andalio ni karatasi ambayo mwalimu huiandaa kabla ya kuingia darasani: atafundisha nini, kwa hatua zipi, kila hatua kwa dakika ngapi, na atajuaje kwamba watoto wameelewa. Chuoni tulifundishwa hatua hizo mpaka tukaziota. Kitu ambacho hakuna mkufunzi aliyetuambia ni andalio liwe refu kiasi gani. Mmoja alisema liwe la kutosha. Wa pili alisema lijitosheleze. Tulipokwenda mafunzo ya vitendo, aliyeandika kidogo alionekana mvivu, basi tukajifunza wenyewe kwamba wino mwingi haujawahi kumponza mtu.

Nilipangiwa shule ya msingi ya pwani ya kusini, iliyo mbele ya Madimba, upande wa kuelekea Msimbati, kwenye barabara ya mchanga ambayo baiskeli inasukumwa zaidi ya inavyoendeshwa. Mimi ni mtu wa Njombe. Nilikuwa sijawahi kukaa mahali ambapo unaamka umelowa jasho. Nilipewa nusu ya nyumba ya walimu. Nusu ya pili ilikuwa tupu, aliyekuwa akiishi humo alishapata uhamisho, na usiku panya walikuwa wakifanya mikutano yao huko bila wasiwasi. Kisimani akina mama walikuwa wakiongea Kimakonde kwa vicheko. Nikifika na ndoo yangu waligeuza Kiswahili kwa heshima, wakanisalimia, wakaniuliza habari za shule, halafu tukakosa la kusema. Heshima yao ilinifukuza vizuri zaidi ya matusi. Jumapili nilikaa ndani nikaimba nyimbo za kanisani peke yangu, sauti ya kwanza, maana sauti ya pili haikuwepo.

Nilikuwa mpweke. Sina neno zuri zaidi la hali ile na sitalitafuta.

Pia nilikuwa na hofu. Nilikuwa kwenye kipindi cha matazamio, yaani mwaka ule ambao mwalimu mpya anaangaliwa kama anafaa kabla ya kuthibitishwa kazini. Mwalimu mkuu ndiye angependekeza nithibitishwe au nisithibitishwe, na mwalimu mkuu alikuwa akimsikiliza mtu mmoja tu, mwalimu wa taaluma. Mimi ni wa kwanza nyumbani kwetu kupata ajira ya serikali. Mama yangu alishaitangazia jumuiya nzima kwamba binti yake ni mwalimu. Kurudi Njombe na begi langu nikasema wamenikataa, hilo nilikuwa siwezi hata kuliwaza hadi mwisho.

Mwalimu wa taaluma alikuwa mama wa makamo, mwenyeji wa hapo hapo, mwembamba, mtulivu, mtandio wake umefungwa kwa nyuma ili usimsumbue akiandika. Kazi yake mojawapo ilikuwa kukagua maandalio yetu kila asubuhi na kuyasaini. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia darasani na andalio lisilo na sahihi yake. Alikaa kwenye meza iliyo katikati ya maboksi ya chaki na jembe la shule, kalamu nyekundu mkononi, nasi tulipanga foleni kama watoto. Wenzangu walikuwa na karatasi moja moja. Mimi nilikuwa na kijitabu.

Alinishangaza kwa kitu kimoja. Yangu aliyasoma yote. Wengine aliwapitia kwa jicho moja, akasaini, lakini yangu aliyasoma kurasa nne zote, na kila siku alikata mstari mmoja kwa wino mwekundu. Mmoja tu. Nakumbuka wa kwanza. Nilikuwa nafundisha vipimo vya joto, na katika utangulizi niliandika: "Mwalimu atawaeleza wanafunzi kuwa kwao Njombe asubuhi kuna baridi mpaka mtu anaona pumzi yake mwenyewe." Aliukata, akasaini, akanirudishia. Nikaondoka nimenuna. Mchana tukiwa tunakunywa chai ya rangi akaniuliza, bila kunitazama, "Hiyo pumzi, inaonekana nyeupe?"

Nikamwambia inaonekana nyeupe, kama moshi wa jiko.

"Kha," akasema, akaendelea kunywa chai yake.

Sikujua wakati ule, ila nadhani kuanzia siku hiyo nilikuwa nayarefusha maandalio ili ayasome yeye.

Somo lililoniumbua lilikuwa la sehemu. Nilitaka watoto walinganishe theluthi na robo. Niliandika kila kitu. Niliandika maneno nitakayoyasema, na mbele yake maneno ambayo wanafunzi watayasema. "Mwalimu atauliza: je, vipande hivi viko sawa? Wanafunzi watajibu: ndiyo, viko sawa." Kwenye sehemu ya zana nikaandika muhogo, kwa kujisifu kimoyomoyo, maana tulifundishwa tutumie vitu vya mazingira ya mtoto, na mazingira yale muhogo umejaa kila ua. Nikanunua miwili mirefu. Nikapima kwa rula, nikakata mmoja vipande vitatu vya urefu sawa na mwingine vinne.

Nikauliza, "Je, vipande hivi viko sawa?"

Darasa zima, watoto zaidi ya themanini, wakasema, "Haviko sawa."

Nikaangalia andalio. Andalio lilisema viko sawa. Nikauliza tena, kwa sauti ya mtu anayetoa nafasi ya pili, na binti mmoja wa dawati la mbele akasimama kwa adabu zote. "Madam, hiki cha kwenye shina ni kikubwa. Hiki cha nkiani ni kidogo. Ukinigawia hicho cha nkiani mie nalia."

Wakacheka, na walikuwa na haki ya kucheka. Muhogo una tumbo na una mkia. Urefu unaweza kulingana na chakula kisilingane, na mtoto aliyekulia kwenye muhogo hawezi kudanganywa na rula. Mtu wa viazi kutoka Njombe ndiye aliyedanganyika. Nilikuwa na kurasa nne mkononi na hakuna mahali popote palipoandikwa nifanye nini wakisema hapana. Nikaanza kufunua nyuma na mbele nikitafuta hatua ya kushika. Kelele zikapanda. Mwishoni niliwaamrisha wanakili maelezo ubaoni mpaka kengele ikagongwa, nikatoka nikiwa nimebeba vipande vya muhogo kwenye mfuko, na usiku nikavichemsha nikavila na chumvi huku nalia.

Nikafikia hitimisho ambalo kila mwalimu mgeni hulifikia. Nikasema kosa ni kwamba sikuandika vya kutosha. Wiki iliyofuata maandalio yangu yakawa kurasa sita.

Halafu mvua zikaja na malaria ikanishika. Asubuhi moja sikuweza kuinuka. Nilimtuma mtoto wa jirani apeleke andalio langu shuleni, nikiwa na fahari kidogo hata katika homa, maana tulikuwa tumeambiwa chuoni kwamba andalio zuri ni lile ambalo mwalimu mwingine anaweza kulichukua akafundisha badala yako. Hilo langu lilikuwa na kila neno. Nani angeshindwa?

Jioni mwalimu wa taaluma alikuja nyumbani na bakuli la uji limefunikwa kwa sahani. Alikuwa hajawahi kuingia kwangu. Aliketi kwenye kiti changu cha pekee, akasubiri ninywe hadi nusu, ndipo akatoa andalio kwenye mkoba.

"Nimelifundisha," akasema.

"Ahsante, mama. Limekwendaje?"

"Sijui. Nilikuwa nasoma." Alilikunja, akalikunjua. "Nimesimama mbele ya watoto nasoma, naona wapi nianzie, nasoma tena. Nimefika ukurasa wa tatu kengele ikalia. Watoto wamenitazama tu, kama wanamtazama ntu anayesoma barua ya msiba."

Nikamwambia lilikuwa na kila kitu. Niliongea kwa ukali, homa ilinipa ujasiri.

"Lina kila kitu," akakubali. "Tatizo ni hilo. Mie nimesimama, nina chaki mkono mmoja. Nataka kutupa jicho mara moja nijue sasa nafanya nini. Jicho moja, mwanangu. Wewe umenipa riwaya."

Nje kulikuwa na vyura. Halafu akasema kitu ambacho sijakisahau, na alikisema kwa upole, akiyatazama makaratasi badala yangu.

"Nimeyasoma haya maandalio yako tangu umekuja. Haya si ya darasa la nne. Haya ni maongezi. Ukitaka kuongea, njoo nyumbani. Darasa la nne liandikie ukurasa mmoja."

Nilivuta khanga nikajifunika uso, nikasingizia baridi.

Nilipopona nilianza kwenda kwake mchana baada ya shule. Alikuwa anaishi na wajukuu wawili, nyumba ya udongo yenye bati, ua umefagiwa mpaka mchanga una mistari. Kwanza nilikwenda na maswali ya kazi tu, maana nilikuwa naona aibu kwenda mikono mitupu, na maswali ndiyo yalikuwa zawadi yangu. Alinijibu huku anasuka ukili, ule mkanda wa majani ya miyaa unaoshonwa kuwa mkeka, na vidole vyake havikusimama hata akifikiri.

Nilimuuliza ukurasa mmoja utatosha vipi wakati fomu yenyewe ina vichwa vingi: umahiri, shughuli, zana, rejea, hatua zote zile. Akasema vichwa vinajazwa kwa maneno machache, asilimia kubwa ya karatasi nimpe mtoto, si mwalimu. Nilichokuwa nakiandika, yale maelezo marefu ya sehemu ni nini, kiasi ni kipi na asili ni ipi, mahali pake ni kwenye daftari la nukuu za somo. Andalio linasema tutafanya nini. Nukuu zinasema jambo lenyewe ni nini. Nilikuwa nimevipika vyote kwenye chungu kimoja, ndiyo maana hakikuiva hata kimoja.

Nilimuuliza kama niandike kila neno nitakalosema.

"Maneno yako utayakumbuka, ni yako," akasema. "Andika swali. Lile swali moja au mawili ambayo ukikosea kuuliza somo limekufa, hayo yaandike neno kwa neno. Mengine utaongea tu."

"Na majibu yao?"

Hapo alicheka. Alikuwa anacheka kwa pua. "Wewe unaandika majibu wanayopatia. Ya nini? Wakipatia huna kazi. Andika jibu wanalokosea, na mbele yake utafanya nini."

Nikabaki nimeshika ncha ya ukili wake, maana alikuwa ananipa niushike usipinde. Nilifikiria watoto themanini wakiniambia haviko sawa. Nikamuuliza kuhusu theluthi na robo, watakosea wapi. Akaniambia watasema robo ni kubwa, kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Watasema hivyo kila mwaka, alishafundisha wazazi wao na wao walisema hivyo hivyo. "Jibu hilo liandike. Halafu acha muhogo. Chukua huu." Akaukata ukili kwa kisu, vipande viwili vya urefu mmoja. Upana wake ulikuwa ule ule kuanzia mwanzo hadi mwisho, hauna tumbo wala mkia.

Siku nyingine nilimuuliza mbona walimu wa zamani wanaandika nusu ukurasa na mimi nikiandika nusu naonekana sijajiandaa. Alisema urefu unafuata woga, na hakusema kwa kunisuta. Mada unayoijua, andika kidogo. Mada inayokutoa jasho, andika zaidi, hata kurasa mbili si dhambi, hasa kwa mgeni, kwa sababu kuandika ndiko kunakokufanya ufikirie. Ila ukimaliza kufikiria, nakili upya yale tu utakayoyahitaji ukiwa umesimama. Yeye mwenyewe, baada ya miaka yote ile, alikuwa akifundisha mada mpya ya mtaala mpya anaandika hadi nyuma ya karatasi. Nilimuuliza pia kama naweza kutumia andalio la mwaka jana. Akasema naweza kulisoma, lakini watoto wa mwaka jana wako darasa la tano, kwa hiyo nikilinakili kama lilivyo nitakuwa nafundisha watu ambao hawapo.

Maswali yakaanza kuisha. Nikaendelea kwenda. Hakuniuliza tena nimeleta swali gani. Ramadhani ilipofika akaniambia nisile peke yangu jioni wakati ua wake una mkeka, nikawa nakwenda kufuturu na mtu aliyefunga wakati mimi sijafunga, na wajukuu wake wakinitania kwamba madam anafuturu chakula cha mchana. Nilijifunza kusema maneno machache ya Kimakonde, vibaya. Nilimweleza Njombe yote, baridi, ukungu, mama yangu na sauti yake ya kwaya. Maandalio yangu yakafupika yenyewe. Sikuwa na haja ya kuiingiza pumzi ya Njombe kwenye vipimo vya joto, maana nilishamwambia jana yake.

Bado alikuwa anakata mstari mmoja kila asubuhi. Hata kwenye andalio la ukurasa mmoja aliupata.

Mwezi ambao mwalimu mkuu alitakiwa kutoa pendekezo lake kuhusu mimi, tukapata taarifa kwamba wathibiti ubora wa shule wanakuja. Ni maofisa wanaopita shuleni kuangalia ufundishaji, na wakikaa nyuma ya darasa lako hata chaki inatetemeka. Mwalimu mkuu aliniita ofisini. Alikuwa mtu mwema, mwenye wasiwasi mwingi, na alikuwa ameona maandalio yangu ya hivi karibuni.

"Mwalimu, zamani ulikuwa unaandika vizuri sana," akasema. "Sasa naona karatasi moja. Wageni wakija watasema umelegea, na mimi nitaandika nini kwenye pendekezo? Rudisha yale ya zamani. Wathibiti wanapenda kuona kazi."

Nilitoka nimechanganyikiwa. Usiku ule niliandika maandalio mawili ya somo moja la sehemu. Moja lilikuwa na kurasa sita. La pili lilikuwa na moja, na kwa urefu wote wa usiku niliyaona yakinitazama mezani, moja nene na moja jembamba. Asubuhi nilimpelekea mwalimu wa taaluma yote mawili. Nilitaka anichagulie. Aliyasoma yote mawili, mpaka mwisho, wakati kengele ya mstarini inagongwa, akayasaini yote mawili.

"Mama, niingie na lipi?"

"Utakaposimama wewe mie sitakuwepo," akasema. "Ingia na lile unaloweza kulitumia."

Nilikasirika. Nilitaka mtu anishike mkono na yeye akaniachia mkono pale pale. Nikasimama mlangoni pa darasa la nne, mthibiti tayari yuko ndani, mwanaume wa makamo mwenye miwani, amekaa kwenye dawati dogo magoti yakimgusa kidevu. Nikamkabidhi karatasi moja.

Aliigeuza nyuma. Nyuma kulikuwa kweupe. "Hili ndilo lote?"

"Ndiyo, mwalimu. Hilo ndilo lote."

Nikagawa vipande vya ukili, dawati kwa dawati. Kila dawati viwili vya urefu mmoja, kimoja kimepigwa alama za mkaa vipande vitatu, kingine vinne. Kwa dakika tano tulikumbushana nusu. Halafu nikauliza lile swali langu moja, nililoliandika neno kwa neno: ukiwa na njaa, utaomba theluthi au robo? Wakasema robo kwa kishindo, na kati ya waliosema alikuwemo yule binti wa mkiani. Moyo wangu ulitulia, jambo la ajabu kwa mwalimu ambaye darasa lake limekosea mbele ya mthibiti. Nililijua jibu hilo. Lilikuwa kwenye karatasi, na mbele yake niliandika maneno manne: wakate, wapange, wanyamaze, waangalie.

Wakakata, wakapanga kipande kwenye kipande. Nikanyamaza nao. Sikuwa na kurasa za kufunua, kwa hiyo niliweza kuwatazama nyuso, na niliona pale binti yule alipokunja uso, akakirudisha kipande cha robo juu ya theluthi mara ya pili. "Madam," akasema taratibu, kama anaongea peke yake, "ukikata kwa watu wengi kila ntu anapata kidogo."

Nikaandika sentensi yake ubaoni.

Mthibiti hakunisifu, si kawaida yao. Alisema muda wa hatua umejumlishwa vizuri ukafika arobaini, na kwamba swali na kosa linalotarajiwa vimeandikwa wazi, na kwamba yeye mwenyewe angeweza kulichukua andalio lile akalifundisha bila kuniuliza kitu. Kisha akaniambia sikugawanya idadi ya waliohudhuria kwa wavulana na wasichana, na kwamba sehemu ya tathmini yangu ya somo iko wazi. Nikamwambia tathmini inaandikwa baada ya somo, na somo limeisha sasa hivi. Akanitazama juu ya miwani. "Kaiandike basi," akasema.

Nilithibitishwa kazini. Mwalimu mkuu alinipongeza na kuniambia alijua tangu mwanzo. Mama yangu akaimba kwenye simu mpaka salio likaisha. Mwalimu wa taaluma alisema "Kha," akanipa kipande cha mkeka kilichoshonwa kwa ukili uliobaki.

Mwaka uliofuata alistaafu. Nilijua siku hiyo inakuja, umri wa kustaafu haufichwi, lakini nilikuwa nimeiweka mbali kama mtu anavyoweka dawa chungu. Mwanawe wa kwanza anayefanya kazi Dar es Salaam alikuja kumchukua akakae kwake, na wajukuu wakahamishiwa shule za huko. Shuleni tulimfanyia sherehe ndogo, tukampa khanga na doti ya kitenge. Aliniachia kalamu nyekundu. Wakati wa kuaga nilimpa mkono. Alishika vidole vyangu vya mkono wa kulia kama anavikagua.

Nilipita mbele ya ua wake wiki ile. Mchanga ulikuwa hauna mistari. Nikaapa nitazunguka kwa nyuma, njia ya mikorosho, na nimezunguka tangu siku hiyo. Tunaongea kwa simu mtandao ukiwepo. Anaongea kwa sauti kubwa kama anaita mtu ng'ambo ya mto, anauliza watoto wa darasa la nne wanakosea nini mwaka huu, halafu mjukuu anaichukua simu. Kisimani akina mama hawageuzi lugha tena nikifika. Wanajua sasa naelewa kidogo, na wananicheka kwa matamshi, na ninashukuru. Lakini vicheko vya kisimani haviji kukaa na mtu jioni.

Mwalimu mkuu akanipa kazi ya taaluma. Hakukuwa na mwingine aliyekuwa tayari kuamka mapema. Sasa mimi ndiye ninayekaa kati ya maboksi ya chaki na jembe la shule, na walimu wanne wanapanga foleni na karatasi zao. Nayasoma yote hadi mwisho. Wananiona mnoko. Wanaponiuliza liwe refu kiasi gani, nawaambia yale niliyoambiwa, na nasikia sauti yangu ikisema jicho moja kwa namna ambayo si ya Njombe.

Asubuhi ya jana, baada ya wao kwenda madarasani, nikachukua andalio langu mwenyewe. Theluthi na robo tena, watoto wapya. Ukurasa mmoja, swali moja neno kwa neno, kosa moja na cha kufanya mbele yake. Kila kitu kiko sawa. Ila kwenye utangulizi, usiku uliotangulia, niliongeza mstari ambao hauna kazi yoyote darasani: "Mwalimu atawaeleza wanafunzi kuwa mikorosho ya nyuma ya ua wa mwalimu aliyestaafu imeanza kutoa maua."

Nilikuwa najua nimemwandikia nani.

Nikalisoma lote taratibu, mwanzo hadi mwisho, kama alivyokuwa akisoma. Hakuna mtu aliyeniuliza maua yake yana rangi gani. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaukata mstari ule, nikaweka sahihi yangu mahali pa mwalimu, na mahali pa mwalimu wa taaluma nikaiweka tena.